Tawi Lenye Alama 86.5 na Mikopo 32 Isiyoonekana

Mkopaji akimaliza kulipa deni lake, kwake yeye jambo limekwisha. Ametuma rejesho la mwisho kwa simu, amepokea ujumbe wa kuthibitisha, ameshusha pumzi. Miezi kadhaa baadaye anakwenda kwingine kuomba mkopo mkubwa zaidi, anaambiwa bado anadaiwa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Alipotuma lile rejesho alikosea tarakimu moja ya kumbukumbu namba, pesa ikaangukia kwenye akaunti ya kusubiri, na tawi likafunga mwezi kabla mtu hajaihamishia kwenye mkopo wake. Faili la mwezi likaenda makao makuu likiwa na deni ambalo halipo. Kutoka hapo likapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo, ambayo kwa Tanzania iliwekewa kanuni na Benki Kuu mwaka 2012, na kila mkopeshaji anayeuliza habari za mteja huyo akajibiwa vilevile.

Ndiyo maana taasisi za mikopo zenye matawi, zikiwemo SACCOS kubwa, hutengeneza kadi ya alama. Kila mwezi kila tawi linapoleta faili lake la mikopo, makao makuu hulipima kwa mambo matatu: je, limekamilika, je, kilichoandikwa kinafuata kanuni, na je, limefika kwa wakati. Vipimo hivi havikubuniwa na wakopeshaji wadogo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ilibainika kwamba benki kubwa za dunia zilishindwa kujumlisha haraka madeni yaliyotapakaa katika matawi na kampuni zao tanzu, na Januari 2013 Kamati ya Basel ya usimamizi wa mabenki ikatoa kanuni 14 kuhusu jambo hilo. Ukamilifu na kuwahi vimo ndani yake. Sekta ya afya nayo ina utaratibu wa jamaa moja: mfumo wa DHIS2, unaotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, huonyesha ni vituo vingapi vimeleta ripoti ya mwezi na ni vingapi vimeileta ndani ya muda.

Kutengeneza kadi ya namna hiyo si kazi ngumu. Ugumu ni kuitengeneza isidanganye. Nimeona kadi nyingi zenye rangi nzuri ambazo zingemfanya mkurugenzi alale usingizi mnono mahali ambapo hakupaswa kulala. Tuchukue tawi moja la mfano tulipime hatua kwa hatua, tuone udanganyifu unaingilia wapi.

Tuseme tawi hili limefunga mwezi wa tatu. Makao makuu yanalitaka lilete faili ifikapo siku ya tano ya kazi ya mwezi unaofuata, saa kumi jioni. Kila mstari wa faili ni mkopo mmoja, na kila mkopo una safu kumi za lazima: namba ya mkopo, jina la mkopaji, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, simu, tarehe ya kutoa mkopo, kiasi kilichotolewa, baki ya mkopo bila riba, siku za kuchelewa, na dhamana. Faili lina mistari 608.

Hapo ndipo watu wengi huanza kuhesabu nafasi zilizo tupu. Mistari 608 mara safu 10 ni nafasi 6,080. Tupu ni 304. Kwa hiyo ukamilifu ni asilimia 95. Hesabu ni safi, lakini jibu lake halitoshi, kwa sababu tumelipima faili kwa kutumia faili lenyewe. Mwalimu anayetaka kujua watoro hahesabu waliokaa darasani; anaita majina kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Daftari letu hapa ni leja ya tawi katika mfumo wa uhasibu, ambayo haikuandaliwa na yule aliyeandaa faili. Leja inasema tawi lina mikopo 640 yenye baki ya jumla ya shilingi milioni 512. Faili lina mikopo 608 yenye baki ya shilingi milioni 470. Mikopo 32 haikuja kabisa, na mkopo usiokuja hauwezi kuwa na nafasi tupu ya kuhesabiwa.

Kwa hiyo kigawanyo sahihi ni mikopo 640 mara safu 10, yaani nafasi 6,400. Zilizojazwa ni 5,776. Ukamilifu wa tawi ni asilimia 90.25, si 95. Tofauti ya pointi tano inaonekana ndogo, lakini jiulize ni mikopo gani iliyopungua. Katika mazingira ya kawaida mikopo haipotei kwa bahati nasibu. Hupotea ile iliyohamishiwa kwa kitengo cha ukusanyaji madeni na kuondolewa kwenye orodha ya afisa mikopo. Ile iliyopangiwa upya masharti ikapewa namba mpya. Ile ya afisa aliyeacha kazi, ambayo hakuna aliyeirithi. Kwa kifupi, hupotea mikopo yenye matatizo.

Faili la tawi letu linaonyesha mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ina baki ya shilingi milioni 23.5. Ukigawa kwa milioni 470 unapata asilimia 5, na meneja anapongezwa. Lakini kama milioni 42 zisizoonekana zote ni za mikopo iliyochelewa, hesabu ya kweli ni milioni 65.5 kwa milioni 512, yaani karibu asilimia 12.8. Tawi lililoonekana lina afya linakuwa tawi la kutembelewa wiki hiyohiyo. Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Ikiwa taasisi yako haina nguvu ya kufanya kipimo zaidi ya kimoja, fanya hiki: linganisha idadi ya mikopo na jumla ya baki katika faili na zile za leja, kila mwezi, kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo cha pili huitwa uhalali. Hapa hatuulizi kama nafasi imejazwa, bali kama kilichojazwa kinaweza kuwa kweli. Mkopo hauwezi kuwa umetolewa kesho. Baki bila riba haiwezi kuzidi kiasi kilichotolewa. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu kumi na huanza na 06 au 07. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo lazima zilingane na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Kanuni hiyo ya mwisho ni zawadi kwa mpimaji, kwani safu mbili zinashuhudiana. Kama namba ya NIDA iko safu ya C na tarehe ya kuzaliwa iko safu ya D, hii inatosha katika Excel:

```
=AND(LEN(SUBSTITUTE(C2,"-",""))=20, LEFT(C2,8)=TEXT(D2,"yyyymmdd"))
```

Jibu likiwa TRUE mstari umepita. Likiwa FALSE mtu auangalie. Lakini Excel yenyewe ndiyo mharibifu mkubwa wa safu hii, na matawi mengi hayajui. Programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Karani akiandika tarakimu 20 za NIDA bila vistari, kwenye nafasi ambayo haikuwekwa kuwa maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri papo hapo na kwenye kioo anaona kitu kama 1.99001E+19. Akibadilisha muundo wa nafasi kuwa Number anaona tarakimu 20 kamili, anaridhika. Namba za asili hazipo tena ndani ya faili, na kubadilisha muundo wa nafasi baada ya hapo hakuzirudishi. Ni lazima zisomwe upya kutoka kwenye nakala ya kitambulisho. Dalili yake ni rahisi kuiona: namba nyingi za NIDA katika faili moja zinazoishia na 00000. Tiba ni rahisi pia: safu iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuanza kuandika, au namba iandikwe na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi. Simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa njia ileile, 0754 ikawa 754. Tarehe zina balaa lake: 03/04 ni tarehe tatu Aprili kwa kompyuta moja na tarehe nne Machi kwa nyingine, na kwa siku 12 za kwanza za mwezi hakuna kanuni itakayolalamika, kwa sababu zote mbili ni tarehe zinazowezekana.

Turudi kwenye tawi letu. Kati ya nafasi 5,776 zilizojazwa, 231 zimevunja kanuni, hivyo uhalali ni asilimia 96. Inapendeza. Sasa hesabu kwa mistari badala ya nafasi: ni mikopo mingapi katika faili isiyo na nafasi tupu wala kosa hata moja? Tuseme makosa na mapengo hayo yametawanyika kwenye mikopo 190. Basi mikopo safi ni 418 kati ya 608, chini kidogo ya asilimia 69. Takwimu zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inamweleza karani amekosea mara ngapi. Ya pili inamweleza mkuu wa mikopo ni wateja wangapi anaweza kuwatolea uamuzi bila kupiga simu tawini. Mimi ningeziweka zote kwenye kadi, ya mistari ikitangulia, maana taarifa za mkopo hutumika mteja kwa mteja, si nafasi kwa nafasi.

Kuna jambo ambalo uhalali hauwezi kulitambua, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii. Nafasi inaweza kujazwa, ikafuata kanuni zote, na ikawa uongo. Namba 0700000000 ina tarakimu kumi na inaanza na 07. Makao makuu yakishatangaza kwamba tawi lenye nafasi tupu litakatwa motisha, nafasi tupu hupungua kwa kasi ya kushangaza, na aghalabu si kwa sababu wakopaji wametafutwa. Maafisa mikopo huandika namba zao wenyewe, hunakili tarehe ya mstari wa juu, huweka neno “samani” kwenye dhamana ya kila mtu. Kadi inapanda na taarifa inashuka. Kibaya zaidi, zamani ulikuwa unajua usichokijua, sasa hujui hata hilo.

Ujazaji wa namna hiyo huacha alama ya miguu, nayo ni marudio. Hesabu kila thamani imejitokeza mara ngapi ndani ya safu yake. Simu moja kwa wakopaji 11, dhamana moja kwa wakopaji 200, tarehe moja ya kuzaliwa kwa theluthi ya tawi, ni mambo ya kuulizia. Nasema kuulizia, si kuadhibu. Wanakikundi cha mkopo wanaweza kweli kutumia simu ya mwenyekiti wao, na kijijini mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari au mosi Julai hata kwenye kitambulisho halali. Kwa hiyo usimhukumu mteja mmoja mmoja. Linganisha tawi na matawi mengine ya ukanda uleule. Lile lenye marudio mara tatu zaidi ya majirani zake ndilo lenye hadithi. Kisha chagua mikopo kama 15 bila mpangilio, ifunguliwe kwenye makabati ya mafaili ya karatasi, na wakopaji wapigiwe simu na mtu asiye wa tawi hilo. Ni kazi ya siku moja, na hakuna fomula inayoweza kushika nafasi yake.

Njia ya kuzuia uongo huo tangu mwanzo ni kumpa karani ruhusa ya kusema ukweli. Badala ya kumlazimisha achague kati ya nafasi tupu yenye adhabu na namba ya kubuni, mpe maneno maalumu ya kuandika: “haijapatikana” au “mteja hana”. Nafasi yenye maneno hayo isihesabiwe kuwa imejazwa, wala isichanganywe na pengo lililoachwa kwa uzembe. Ihesabiwe peke yake, na meneja aulizwe ni lini itapatikana. Tawi lenye “haijapatikana” 40 zilizoandikwa kwa uaminifu lina thamani kwa mkopeshaji kuliko tawi lenye simu 40 za kubuni, na kadi inapaswa kulionyesha hivyo.

Kuwahi ndicho kipimo chepesi kati ya vitatu, isipokuwa mahali pamoja. Tawi letu lilituma faili siku ya nne ya kazi, kabla ya muda. Faili likarudishwa kwa sababu safu ya siku za kuchelewa haikuwemo. Faili linalofaa lilifika siku ya saba. Je, liliwahi? Ukihesabu mtumo wa kwanza, unafundisha matawi kutuma chochote ili mradi saa isipite. Ukihesabu mtumo uliokubalika tu, tawi litakuambia lilikaa siku moja likisubiri majibu yako, na litakuwa na haki. Weka tarehe zote tatu: lilipofika mara ya kwanza, liliporudishwa, lilipokubaliwa. Kadi ihesabu lililokubaliwa, lakini muda liliokaa mezani makao makuu utolewe kwenye hesabu ya tawi. Kama kila siku ya kazi iliyozidi inakata pointi 20, na siku moja kati ya mbili zilizozidi ilikuwa ya makao makuu, tawi hili linapata 80.

Sababu za kuchelewa ni zilezile karibu kila mahali, na chache zinatokana na uvivu. Mtandao unakatika wiki ya kufunga mwezi. Marejesho ya simu yenye kumbukumbu namba zilizokosewa yanasubiri kutambuliwa mmoja mmoja. Mtu mmoja pekee ndiye anayejua kutoa faili kwenye mfumo, na yuko likizo. Kadi iwe na safu fupi ya sababu, maana tawi linalochelewa miezi minne mfululizo kwa sababu ya mtu mmoja halihitaji barua ya onyo. Linahitaji mtu wa pili afundishwe.

Sasa wengi hupenda kujumlisha kila kitu kiwe alama moja. Ukiupa ukamilifu uzito wa asilimia 40, uhalali 40 na kuwahi 20, tawi letu linapata 36.1 na 38.4 na 16, jumla 90.5. Ukikataa kutoa ile siku ya makao makuu, kuwahi kunashuka hadi 60 na jumla inakuwa 86.5. Vyovyote vile tawi liko kwenye rangi ya kijani kwa taasisi inayoanzia kijani kwenye 85. Tawi lenye shilingi milioni 42 zisizojulikana ziliko limepewa kijani, na hakuna aliyekosea hesabu. Wastani unaruhusu kosa kubwa lifichwe na wema mdogo mwingi. Ikiwa lazima kuwe na alama moja, basi rangi ya tawi iwe rangi ya kipimo chake kibaya zaidi, na tofauti yoyote na leja inayozidi kiwango kilichokubaliwa iwe nyekundu bila kujali mengine.

Kadi ikishatoka, isiende peke yake. Iende na orodha ya mistari yenye kasoro, namba ya mkopo kwa namba ya mkopo, na kosa lake limetajwa, tena siku hiyohiyo au inayofuata. Marekebisho yafanywe ndani ya mfumo wa mikopo, si kwenye faili lililokwishatolewa. Karani akirekebisha faili peke yake, mwezi ujao mfumo utatoa makosa yaleyale na ataanza upya. Ndiyo maana kadi nzuri huonyesha pia ni makosa mangapi ya mwezi huu yalikuwemo mwezi uliopita. Namba hiyo isiposhuka, matawi yanapaka rangi ukuta wenye ufa.

Na wewe mwanachama wa SACCOS, au mkopaji wa taasisi yoyote, usidhani haya ni ya wenye kompyuta peke yao. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, bodi ikisoma asilimia ya mikopo iliyochelewa, simama uulize kama mikopo yote iliyoko kwenye leja imo ndani ya hesabu hiyo. Ukimaliza mkopo, omba barua ya kumaliza deni na uitunze. Ukikuta taarifa yako imekosewa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai irekebishwe. Andika dai lako, lipeleke tawini, na ubaki na nakala yenye muhuri.